Ut na ne kwenye karatasi ya mazoezi: -e ya Kiswahili inapotupoteza

Sentensi ya nne kwenye karatasi ilikuwa hii: "Mama anawaita watoto ili wamwone baba." Kijana mmoja wa kidato cha pili akaandika kwa Kilatini: *Mater liberos vocat ut patrem vident.* Nikazungushia wino mwekundu kitenzi cha mwisho. Baada ya kipindi akaja mezani na daftari lake, akaweka kidole juu ya *vident*, akasema, "Mwalimu, lakini e ipo."

Na kweli ipo. Hakuwa amekisia. Alikuwa ameitafuta e, akaiona, akaridhika. Nimefundisha Kilatini seminari ndogo kwa miaka kadhaa, na kosa hili nimelisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote katika vishazi vya kusudi. Ilinichukua muda kutambua kwamba halitokani na uzembe. Mwanafunzi wetu anafikiri kwa Kiswahili, tena anafikiri sawasawa, ila Kiswahili kinamfikisha mlangoni na kumwachia ufunguo usiofungua.

Kiswahili kina hali ileile ya kitenzi ambayo Kilatini kinaidai baada ya viungo vya kusudi, *ut* kwa "ili" na *ne* kwa "ili" ya kukanusha. Tunasema "anaona", lakini "ili aone". "Anaingia", lakini "ili asiingie". Hiyo ndiyo subjunktivu, na mtoto anaitumia kabla hajaanza shule. Kwa hiyo maana ya kishazi cha kusudi haimsumbui. Kinachomsumbua ni umbo lake. Hapa chini nimepanga makosa kama yanavyojitokeza kwenye karatasi za kutafsiri, na kila moja nimelifuata hadi linakoanzia.

Dalili ya kwanza: kitenzi kina e na bado ni kosa, au kina a na mwanafunzi anakifuta

Kosa hili lina nyuso mbili. Akitafsiri kwenda Kilatini, mwanafunzi anaandika *ut vident*, *ut docent*, *ut habent*, na anaona amemaliza kazi kwa sababu e imo. Akitafsiri kutoka Kilatini, anakutana na *ut nuntium mittat*, anaona a, anadhani ni kitenzi cha kawaida, anaandika "kwamba anatuma mjumbe". Wengine huenda mbali zaidi na "kusahihisha" karatasi yenyewe: wanakata *mittat* na kuandika *mittet* juu yake.

Chanzo ni kimoja. Katika Kiswahili karibu kila kitenzi cha asili ya Kibantu huishia na -a, na subjunktivu huibadilisha kuwa -e. Mlango ni mmoja kwa vitenzi vyote. Katika Kilatini vitenzi vimegawanyika katika makundi manne, na kila kundi lina irabu yake katika wakati uliopo wa kawaida. Subjunktivu huonekana pale irabu hiyo inapobadilika. Kundi la pili tayari linaishi na e siku zote: *videt* ni "anaona", *docet* ni "anafundisha", *habet* ni "ana". Mahali ambapo e ni mwenyeji, e haiwezi kuwa alama ya kitu kingine. Lazima irabu mgeni iingie, na mgeni huyo ni a: *videat*, *doceat*, *habeat*.

Yakiwekwa pamoja, mambo yanakuwa hivi:

*portare*: *portat*, anabeba; *portet*, abebe
*videre*: *videt*, anaona, *videat*, aone
*mittere*: *mittit*, anatuma, *mittat*, atume
*audire*: *audit*, anasikia, *audiat*, asikie

Irabu za subjunktivu kwa mfuatano wa makundi ni e, ea, a, ia. Darasani tunazishika kwa maneno manne ya Kiswahili: lete, lea, lala, lia. Kundi la kwanza linasema "lete", yaani e. La pili "lea", yaani ea. La tatu "lala", yaani a. La nne "lia", yaani ia. Mwanafunzi aliyeandika *ut patrem vident* alihitaji swali moja tu: *videre* ni wa kundi gani? Ni wa pili. La pili linasema "lea". Basi ni *videant*: *Mater liberos vocat ut patrem videant.*

Swali hilo lijibiwe kwa kamusi, si kwa kukitazama kitenzi kilichomo ndani ya sentensi. Hapa karatasi nyingi zina mtego, kwa sababu zimechapwa bila alama za urefu wa irabu, na *videre* na *mittere* zinaonekana kama ndugu. Tazama umbo la kwanza ambalo kamusi inakupa. Likiishia na -eo (*video*, *doceo*, *habeo*), hilo ni kundi la pili. Likiwa -o tupu na infinitivu yake, yaani umbo la "ku-", ni -ere (*mitto, mittere*, *peto, petere*), hilo ni la tatu. Vipo pia vitenzi vya kundi la tatu vyenye i katika umbo la kwanza, kama *capio, capere*. Hivyo vimezaliwa nyumba ya tatu lakini hulia kama jirani wa nne: *capiat*.

Wale wanaokata *mittat* na kuandika *mittet* nao wanahitaji maelezo, maana *mittet* ipo kweli, ila ina kazi nyingine. Katika kundi la tatu na la nne, e ni alama ya wakati ujao. *Mittet* ni "atatuma", *audiet* ni "atasikia". Chukua sentensi hii: *Dux nuntium mittet ut auxilium petat.* Anayesoma kwa macho ya Kiswahili ataona e ya kwanza na a ya pili, kisha atazigeuza: "Kamanda atume mjumbe kwamba anaomba msaada." Anayejua makundi atasoma: "Kamanda atatuma mjumbe ili aombe msaada." E ya *mittet* ni ya wakati ujao, a ya *petat* ni ya kusudi. Nafsi ya kwanza umoja ndiyo pekee inayoweza kumchanganya hata mwenye kujua, kwa sababu *mittam* ni "nitatuma" na pia ni "nitume". Hapo *ut* iliyotangulia ndiyo inayoamua.

Wapo wanafunzi ambao hata baada ya haya yote hawawezi kukubali kwamba subjunktivu inaweza kukosa e. Kwao natumia Kiswahili chenyewe. Nawauliza: katika "ili ajibu", e iko wapi? Katika "ili asafiri"? Vitenzi tulivyovipata kutoka Kiarabu havibadilishi irabu ya mwisho, na hakuna Mswahili anayepata shida kujua kwamba "ajibu" ni subjunktivu. Tunaitambua kwa sababu haina -na-, haina -li-, haina -ta-. Kumbe hata kwetu e haikuwa kila kitu. Kisha ninawaandikia ubaoni sentensi moja kutoka *Rhetorica ad Herennium*, kitabu cha ufasaha cha karne ya 1 kabla ya Kristo ambacho mwandishi wake hajulikani kwa hakika:

*Esse oportet ut vivas, non vivere ut edas.*

"Yapasa kula ili uishi, si kuishi ili ule." Hapa *esse* si "kuwa", ni umbo fupi la *edere*, "kula", na ni vizuri kuwaambia mapema kabla hawajaandika "yapasa kuwa". Sasa tazama vitenzi viwili vya kusudi. *Vivas* na *edas* vyote ni vya kundi la tatu, vyote vinasema "lala". Katika tafsiri, "ule" ina e, "uishi" haina. Kilatini kimesimama imara kwenye a na Kiswahili ndicho kilichoyumba. Wanafunzi wakiliona hilo kwa macho yao, wengi huacha kuwinda e.

Vitenzi visivyofuata makundi ni vichache na ni vya kukariri tu: *sit* (awe), *possit* (aweze), *velit* (atake), *eat* (aende). Sentensi bora ya kuvizoeza ni ya Kikero, aliyoisema mwaka 66 kabla ya Kristo akimtetea Kluentio: *legum idcirco omnes servi sumus ut liberi esse possimus*, "sisi sote tu watumwa wa sheria kwa sababu hii, ili tuweze kuwa huru". *Idcirco*, "kwa sababu hii", inapiga hodi kabla ya *ut*, na ni zawadi kwa mwanafunzi: ukiiona, subiri kusudi.

Dalili ya pili: "ili" inajitokeza kila *ut* inapoonekana

Karatasi inasema *Ut magister docet, Roma magna est*, na jibu ni "Ili mwalimu afundishe, Roma ni kubwa." Mwandishi wa jibu hili huwa hajalisoma tena baada ya kuliandika, maana angelisikia kwamba halina akili.

*Ut* yenyewe haimaanishi "ili". Inapofuatwa na kitenzi cha kawaida, yaani indikativu, inamaanisha "kama" au "jinsi", na wakati mwingine "mara baada ya". *Ut magister docet* ni "kama anavyofundisha mwalimu". *Ut vides* ni "kama unavyoona". Inapofuatwa na subjunktivu ndipo "ili" inapokuja: *Magister venit ut pueros doceat*, "Mwalimu anakuja ili awafundishe wavulana."

Umeona tofauti ilivyo nyembamba: *docet* na *doceat*, herufi moja. Ndiyo maana dalili hii karibu kila mara ni mtoto wa ile ya kwanza. Anayeamini kwamba *docet* ni subjunktivu kwa kuwa ina e, hana budi kuandika "ili". Ukimrekebisha kwenye makundi, kosa hili nalo linapona bila dawa yake. Zoezi ninalolipenda hapa ni la jozi, mbili mbili, bila sentensi kamili: *ut narrat, ut narret, ut videt, ut videat, ut dicit, ut dicat, ut audit, ut audiat*. Mwanafunzi anajibu kwa mdomo: "kama anavyosimulia, ili asimulie, kama anavyoona, ili aone". Dakika kumi za zoezi hili zinazidi kurasa tatu za maelezo.

Kuna mahali ambapo *ut* na subjunktivu zipo kweli, na bado "ili" haisikiki vizuri: baada ya vitenzi vya kuomba na kuagiza. *Pater me rogat ut veniam* ni "Baba ananiomba nije." Kiswahili hakihitaji "ili" pale, na aliyeandika "ananiomba ili nije" simnyang'anyi alama ya sarufi ya Kilatini, lakini ninamwandikia pembeni kwamba hakuna anayezungumza hivyo nyumbani kwao.

Dalili ya tatu: *ut non* mahali pa *ne*

"Mlinzi anafunga lango ili maadui wasiingie." Jibu ninalolipata mara nyingi ni hili: *Custos portam claudit ut hostes non intrant.*

Kuna makosa mawili, na ni vema kuyatenganisha. *Intrant* ni la dalili ya kwanza, safari hii kwa upande wa pili: *intrare* ni wa kundi la kwanza, "lete", kwa hiyo *intrent*. La pili ni *ut non*. Mwanafunzi ametafsiri "ili" kuwa *ut*, kisha akakuta -si- ndani ya "wasiingie", akaitolea *non* na kuiweka karibu na kitenzi, pale pale ilipokuwa katika Kiswahili. Ni kazi ya mtu mwaminifu, lakini katika kusudi Kilatini hakikanushi ndani ya kishazi. Ukanushaji unapandishwa hadi kwenye neno la kuunganisha, nalo linageuka kuwa *ne*: *Custos portam claudit ne hostes intrent.*

Shida ni kwamba *ut non* nayo ipo katika Kilatini safi, kwenye kishazi cha matokeo. *Servus tam fessus est ut non laboret*: "Mtumwa amechoka sana hata hafanyi kazi." Kitenzi *laboret* ni subjunktivu vilevile, kwa hiyo umbo halikusaidii. Vitabu huwaambia wanafunzi watafute *tam*, *ita* au *tantus* katika sentensi kuu, na ushauri huo ni mzuri ukiwa unasoma Kilatini. Lakini unapotoka Kiswahili kwenda Kilatini, kuna kipimo cha karibu zaidi ambacho tumezaliwa nacho. Sikiliza ukanushaji wa Kiswahili. Ukisikia ha-, kama katika "hata hafanyi kazi", unatoa taarifa ya jambo lililotokea: andika *ut non*. Ukisikia -si-, kama katika "asifanye kazi", kuna mtu analikinga jambo lisitokee: andika *ne*. Sijapata sentensi ya zoezi ambayo kipimo hiki kimeikosea, na mwanafunzi hahitaji kujua hata jina la kishazi ili akitumie.

Kipimo hicho kinaokoa pia pale "ili" inapokuwa haipo kabisa. Kiswahili kinaiacha mara nyingi: "Anafunga lango wezi wasiingie." "Mwite aje." Anayetafuta neno "ili" atapita tu, na utaona jibu lenye vitenzi viwili vimesimama sambamba bila kiungo chochote. -Si- katika "wasiingie" inatosha kukuambia kwamba *ne* inahitajika, na "aje" isiyo na -na- wala -ta- inakuambia uweke *ut*: *Voca eum ut veniat.* Ikitokea "mtu yeyote asiingie", kumbuka kwamba baada ya *ne* "mtu yeyote" ni *quis*: *Portam claudit ne quis intret.* Aliyeandika *ut nemo intret* ametafsiri kwa mantiki tu, na Kilatini cha zamani hakikupenda mpangilio huo.

Wakati wa kutafsiri *ne* kuja Kiswahili, "ili asi-" ni sahihi, lakini lugha yetu ina kitu kitamu zaidi: "asije akaingia", "wasije wakatuona". Umbo hili limebeba tahadhari yote iliyomo ndani ya *ne*. Ninalipokea na ninalisifu.

Lakini humo humo kuna mwanafunzi makini atakayekuja na Biblia mkononi. Mathayo 7:1 katika Vulgata, Biblia ya Kilatini, ni *Nolite iudicare, ut non iudicemini*. Kiswahili kinasema "Msihukumu, msije mkahukumiwa." Hapo kuna -si-, kuna kusudi, na bado ni *ut non*. Mwalimu amedanganya?

Hajadanganya. Tafsiri hii ya Injili ilifanywa na Mtakatifu Yeronimo mwishoni mwa karne ya 4, akirekebisha Kilatini cha Kikristo kilichokuwepo kabla yake, na Kilatini hicho kinaifuata Kigiriki hatua kwa hatua. Kigiriki kina *hina me*, maneno mawili: *hina* ikawa *ut*, *me* ikawa *non*. Tena Vulgata yenyewe haina msimamo mmoja. Yesu akiwa mlimani pa Mizeituni, Mathayo 26:41 ina *ut non intretis in tentationem*, na Luka 22:40 ina *ne intretis in tentationem*, kwa onyo lilelile. Kwa hiyo ninamwambia mwanafunzi hivi: ukisoma Maandiko, *ut non* ya namna hii itafsiri kama *ne* bila wasiwasi. Ukiandika kwenye karatasi inayofuata sarufi ya Kikero na Kaisari, andika *ne*.

Kabla hatujaiacha *ne*, neno juu ya hofu. *Timeo ne cadat* huandikwa "Naogopa ili asianguke", na hapo maana imepinduka. Baada ya kitenzi cha kuogopa, *ne* inataja jambo lile lile linaloogopwa. Bahati ni kwamba Kiswahili kinafanya vivyo hivyo neno kwa neno: "Naogopa asije akaanguka." Ukianza na "naogopa", acha "ili" na uende moja kwa moja kwenye "asije".

Dalili ya nne: infinitivu, kwa sababu "amekuja kuona"

Kiswahili kinaeleza kusudi kwa njia mbili bila kuona tofauti kubwa: "amekuja ili amwone mfalme" na "amekuja kumwona mfalme". Njia ya pili ni fupi, na kwenye karatasi inazaa *Venit regem videre*.

Katika nathari ya Kilatini cha zamani kusudi halielezwi kwa infinitivu. Ni *Venit ut regem videat*. Tiba ni kuirudisha sentensi ya Kiswahili kwenye umbo lake refu kabla ya kugusa kamusi: "kuona" inafanyiwa kazi na nani, na je, naweza kusema "ili a-...-e"? Ukiweza kusema "ili amwone", basi ni *ut*. Ukishindwa, si kusudi. "Anaweza kuona" haigeuki kuwa "anaweza ili aone", na hapo infinitivu inabaki halali: *videre potest*. "Anapenda kusoma" vilevile: *legere amat*.

Hapa pia waseminari wana pingamizi la haki, kwa sababu kila Epifania wanawasikia mamajusi: *vidimus enim stellam eius in oriente et venimus adorare eum*. Hiyo ni infinitivu ya kusudi, wazi kabisa, na Maandiko yanazo nyingi. Jibu langu ni lilelile la *ut non*: isome, ielewe, iombee, na kwenye karatasi ya sarufi ya zamani andika *ut eum adoremus*.

Kilatini cha zamani kilikuwa na njia fupi yake baada ya vitenzi vya mwendo, umbo lenye -um liitwalo supino. Ovidi ameziweka njia zote mbili katika mstari mmoja kuhusu wanawake wanaokwenda kwenye maonyesho Roma: *Spectatum veniunt, veniunt spectentur ut ipsae.* "Huja kutazama, huja ili nao watazamwe." Supino imebeba "kutazama", na *ut* imebeba "watazamwe". Mwanafunzi asitishwe na *ut* iliyokaa nyuma ya kitenzi chake, ushairi unaruhusu. Aulize tu *spectare* ni wa kundi gani, na e ya *spectentur* itamjibu.

Dalili ya tano: kila kitu ni sahihi, ila kitenzi kikuu kimepita

"Alikuja ili aone." Mwanafunzi anaandika *Venit ut videat*, amepata kundi, amepata *ut*, hana infinitivu, na bado anapoteza alama. Analalamika, na ninamwelewa.

Kiswahili hakijali wakati wa kitenzi kikuu. "Anakuja ili aone", "atakuja ili aone", "alikuja ili aone": "aone" haitikisiki. Kilatini kinajali. Subjunktivu ya wakati uliopo inakaa chini ya kitenzi kikuu cha sasa, cha wakati ujao au cha amri. Kitenzi kikuu kikiwa kimepita moja kwa moja, subjunktivu nayo inarudi nyuma na kuwa ya wakati uliopita: *Venit ut videret.*

Kipimo kiko tena mdomoni mwetu, katika tofauti ya -me- na -li-. Kilatini kina umbo moja, perfekto, kwa "amekuja" na "alikuja". Ukiwa na -me-, tendo bado lina mguu hapa: mtu amekuja, yupo. Subjunktivu ya wakati uliopo inakubalika, kama Yesu anavyosema katika Yohane 10:10, *ego veni ut vitam habeant*, nimekuja ili wawe na uzima. Ukiwa na -li-, yaani kisa kinachosimuliwa na kimekwisha, nenda kwenye *videret*, *haberent*, *mitteret*.

Kwa kuwa karatasi hazina alama za urefu, *venit* inaweza kuwa "anakuja" au "alikuja", na mwanafunzi anayetafsiri kuja Kiswahili hukisia. Asikisie. Aruke mbele hadi kitenzi cha kusudi, kisha arudi. *Venit ut videat*: anakuja, au amekuja. *Venit ut videret*: alikuja. Na anapofika kwenye *videret* yenyewe, asiiandike "angeona" wala "alivyoona", makosa ambayo ninayaona kila muhula kwa sababu umbo limebadilika na yeye anadhani tafsiri nayo lazima ibadilike. Ni "aone", kama siku zote: alikuja ili aone.

Kijana wa *vident* niliyeanza naye alipewa karatasi nyingine wiki iliyofuata. Sentensi ya sita ilikuwa "Baba aliwaita watoto wasije wakamwona nyoka", haina "ili", ina -si-, ina -li-, na kitenzi ni kile kile kilichomkwaza. Pembeni mwa jibu lake kulikuwa na maandishi madogo ya penseli: "video = lea. -si- = ne. -li- = rudi nyuma." Na chini yake: *Pater liberos vocavit ne serpentem viderent.*